Kastadi Iliyoiva na Kastadi Iliyopoa: Joto la Mayai na Saa za Kupoza

Mtu anapofika kituo cha afya akitapika baada ya karamu, kuna swali moja ambalo husahaulika mara kwa mara: alikula saa ngapi, na alianza kutapika saa ngapi? Aliyekula kastadi saa 8 mchana akaanza kutapika saa 11 jioni, bila homa, kwa kawaida hakudhurika kwa sababu ya yai bichi. Amekula sumu iliyokwisha kutengenezwa ndani ya chakula kabla hakijafika mdomoni. Aliyekula kastadi hiyohiyo akaamka kesho yake na homa, tumbo la kukata na kuharisha, huyo huenda amepata bakteria hai waliozaliana ndani ya utumbo wake. Chakula kinaweza kuwa kimoja, lakini makosa ni mawili. La kwanza hufanyika chakula kikiwa jikoni juu ya moto. La pili hufanyika baada ya moto kuzimwa, wakati mpishi ameshajipumzikia akiamini kazi imekwisha.

Makala haya yanahusu makosa hayo mawili, na zaidi lile la pili. Wapishi wetu wengi wanajua kuivisha. Kupoza ndiko kunakotushinda, na hali ya hewa ya pwani haitusaidii.

Kastadi zipi tunazizungumzia

Neno kastadi kwetu lina maana mbili. Ipo kastadi ya mayai, ambayo maziwa hugandishwa kwa viini au mayai mazima, na katika jamii hiyo tunaweza kuweka pudini ya mayai inayopikwa kwa mvuke au kwenye oveni, pamoja na krimu za kujazia keki. Ipo pia kastadi ya unga, ile ya kopo, inayoliwa na matunda wakati wa futari na harusini. Kastadi ya kopo haina yai. Mfamasia wa Birmingham, Alfred Bird, aliibuni mwaka 1837 kwa sababu mkewe hakuweza kula mayai. Alitumia wanga wa mahindi badala yake. Kwa sababu hiyo watu huiona kuwa salama daima, na hapo ndipo wanapokosea, kama tutakavyoona.

Bakteria watatu wanatosha kueleza karibu kila tatizo la vyakula hivi. Wa kwanza ni salmonela. Aina moja ya bakteria hao huweza kuishi katika ovari ya kuku anayeonekana mzima kabisa, ikaingia ndani ya yai kabla ganda halijaumbika. Yai la namna hiyo ni safi kwa nje, halina ufa, halina harufu, na kulikosha hakusaidii. Wa pili ni stafilokokasi, ambaye makazi yake ni pua, ngozi, majipu na vidonda vya mikono ya binadamu. Wa tatu ni basilasi sereasi, mkazi wa udongo, anayekuja na nafaka, wanga na viungo, na mara nyingine na maziwa. Huyu anapobanwa hujifunga ndani ya spora, yaani umbo gumu lililolala, ambalo maji yanayochemka hayaliui.

Salmonela hufa kwa joto la kupikia. Spora za basilasi hazifi. Stafilokokasi hufa, lakini huingia tena kwa mkono, kijiko au kitambaa baada ya upishi. Na sumu wanazotengeneza hawa wawili wa mwisho, zile zinazotapisha, hustahimili kuchemshwa. Kwa hiyo moto hutatua tatizo moja kati ya matatu. Mengine mawili hutatuliwa na baridi, na baridi hiyo lazima iwahi.

Kuivisha: nyuzi 71 na nyuzi 82

Salmonela ndani ya mchanganyiko wa mayai hawahitaji moto mkali ili wafe. Wanahitaji joto la kutosha kwa muda wa kutosha. Nyuzi 70 za Selsiasi zikishikiliwa kwa dakika 2 zinatosha. Nyuzi 80 hufanya kazi hiyohiyo kwa sekunde chache tu. Miongozo ya Marekani hutaja nyuzi 71 kwa vyakula vya mayai, na Shirika la Afya Duniani hutaja 70 kwa vyakula vilivyopikwa kwa jumla. Tofauti hiyo ndogo isimsumbue mpishi. Jambo la kushika ni kwamba joto hilo lipimwe katikati ya chakula, mahali panapochelewa kupata moto, wala si pembezoni mwa sufuria.

Kwa bahati njema, kastadi ya mayai humlazimisha mpishi kupita kiwango hicho. Ute wa yai peke yake huanza kuganda kwenye nyuzi 60 na kitu, na kiini hufuata baadaye kidogo. Lakini yai likichanganywa na maziwa na sukari, protini zake hutawanyika mbalimbali, na mchanganyiko hauanzi kuwa mzito hadi ukaribie nyuzi 80. Ukifika 82 unakuwa laini na mzito kama inavyotakiwa. Ukivuka 85, protini hushikana kwa nguvu mno, hukamua maji, na kastadi hukatika, ikawa punje punje ndani ya majimaji. Kwa maneno mengine, kastadi ya mayai iliyoshika sawasawa imeshapita joto la usalama kwa nyuzi 10 hivi. Anayeogopa kukatika akaiepua mapema, ikiwa bado nyepesi kama maziwa, ndiye anayehatarisha walaji.

Tuchukue lita moja ya maziwa, viini 8, gramu 120 za sukari, na iliki au vanila. Pasha maziwa mpaka yatoe moshi na vipovu vianze pembezoni. Kama ni maziwa mabichi ya kununua kwa mchuuzi, yachemshe kabisa kwanza, kwa kuwa yana maradhi yake mengine yasiyohusu makala haya. Piga viini na sukari katika bakuli kwa mchapo, kisha mimina maziwa ya moto kidogo kidogo huku ukikoroga, ili mayai yazoee joto pasipo kuganda ghafla. Rudisha mchanganyiko wote kwenye sufuria yenye kitako kizito, juu ya moto mdogo, na ukoroge kwa mwiko bapa unaokwangua chini bila kusita. Kipimajoto kikisoma 80, kaa tayari. Kikisoma 82, epua na umimine papo hapo katika chombo kingine kupitia chujio, kwani sufuria yenyewe ina joto la kutosha kuendelea kupika na kuikata kastadi.

Kipimajoto cha chakula chenye ncha ya chuma hakina bei ya kutisha, na kwa yeyote anayepikia watu wengi, au anayepikia wagonjwa, nakiona kuwa chombo cha lazima kama kisu. Hakikisha kinasoma kweli: kitie katika glasi iliyojaa barafu na maji kidogo, kisome 0 au karibu yake. Jaribio la maji yanayochemka ni zuri pia, ila mpishi wa Arusha au Mbeya asishangae akisoma 95 badala ya 100, maana maji huchemka mapema kwenye miinuko.

Asiye na kipimajoto atumie ishara ya zamani: chovya mwiko, uutoe, upitishe kidole mgongoni mwake. Mstari ukibaki wazi, kastadi isitiririke kuuziba, imefika karibu na 80. Ishara hii inafaa kwa kastadi isiyo na wanga tu, kwa kuwa wanga huweza kuwa mzito kabla joto halijatosha mayai. Penye wanga, pika mpaka vipovu vizito vianze kupasuka juu, na uendelee dakika moja zaidi huku ukikoroga. Wanga huyakinga mayai yasikatike, kwa hiyo usiogope. Kuna faida nyingine pia: kiini cha yai kina kimeng'enya kinachosaga wanga, na kisipouawa kwa mchemko, krimu uliyoilaza nzito utaikuta asubuhi imekuwa maji.

Pudini ya mayai inayopikwa kwa mvuke haikorogwi, hivyo pembe zake huiva mapema na katikati huchelewa. Itikise kidogo. Ikiwa pembeni imeshika na katikati inatetemeka kama jeli, iko tayari. Ikiwa katikati inachezacheza kama maji, bado. Ukichoma ncha ya kipimajoto katikati unapaswa kusoma nyuzi 78 hadi 82.

Mayai ya kukaanga na chipsi mayai hayana utata mwingi: yaive hadi pasibaki sehemu inayotiririka. Tatizo kubwa liko katika mtungi wa mayai yaliyopasuliwa asubuhi na kuchanganywa pamoja, ukakaa kando ya jiko ukisubiri wateja. Yai moja lenye salmonela likiliwa na mtu mmoja humdhuru huyo mmoja. Likivunjwa katika mtungi wa mayai 40, huwafikia wote, na likikaa saa 3 kwenye joto la mtaani, bakteria wachache huwa maelfu. Muuzaji avunje mayai ya mteja aliyesimama mbele yake. Ni sekunde 20 za ziada.

Kupoza: hesabu ya sufuria moja

Tuseme familia inaandaa kastadi ya lita 5 kwa ajili ya shughuli ya kesho mchana, jijini Dar es Salaam. Inaepuliwa saa 3 usiku ikiwa na nyuzi 85, kila bakteria hai ameshakufa. Inabaki katika sufuria yake yenye kipenyo cha sentimita 22, hivyo kina chake ni sentimita 13 hivi. Inafunikwa vizuri, nzi wasiingie, na watu wanakwenda kulala. Alfajiri inatiwa kwenye friji. Saa 4 asubuhi inatolewa, inaonjwa, inachanganywa na maembe, ndizi na mapapai yaliyokatwa kwa mkono, kisha inarudishwa. Saa 8 mchana inapakuliwa. Kila hatua inaonekana ya kistaarabu, tena ya usafi. Kosa liko wapi?

Bakteria wa chakula huzaliana kati ya nyuzi 5 na 60, na upesi zaidi kati ya 30 na 40. Nje ya friji, kastadi haiwezi kuwa baridi kuliko hewa inayoizunguka, na hewa ya usiku wa pwani ni nyuzi 26 au 28. Kastadi ya usiku ule haikuwa ikitoka katika eneo la hatari. Ilikuwa ikiingia na kukaa. Zaidi ya hayo, kastadi ni nzito. Maji hujizungusha yenyewe yanapopoa, ya moto yakipanda na ya baridi yakishuka. Kastadi haijizungushi. Joto la katikati hulazimika kupenya taratibu hadi pembeni, kama joto la ndani ya muhogo uliochemshwa. Saa 9 za usiku katika hali hiyo ni muda mrefu kwa spora za basilasi zilizosalimika kuamka, kuota na kuzaliana. Mchemko umewaondolea washindani wote, na kuzishtua spora ziamke. Kastadi ya unga, isiyo na yai hata moja, imo katika hatari hii sawasawa na ya mayai, kwa kuwa wanga ndio chakula wanachokipenda.

Kisha asubuhi likaja kosa la pili: mikono iliyokata matunda ilikoroga kastadi ambayo bado ilikuwa ya uvuguvugu katikati. Tuseme mikono hiyo iliacha bakteria 100 wa stafilokokasi katika kila gramu. Katika joto linalowafaa, wao huongezeka maradufu kila baada ya nusu saa hivi. Baada ya saa 5 wamejirudufu mara 10, na 100 wamekuwa zaidi ya 100,000 kwa gramu. Hicho ndicho kiwango ambacho sumu yao huanza kutosha kumtapisha mtu. Ladha haijabadilika. Harufu ni ya vanila.

Hili limejulikana kwa miaka mingi. Mnamo mwaka 1914 daktari M. A. Barber, akiwa Ufilipino, alionyesha kwamba maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele yalikuwa salama yakinywewa mapema lakini yaliwatapisha watu yakiachwa saa kadhaa kwenye joto la kawaida. Mwaka 1930 Gail Dack na wenzake huko Chicago walimpata stafilokokasi katika keki zenye krimu zilizowadhuru walaji, wakathibitisha kwamba sumu yake ndiyo iliyokuwa na kosa. Na Februari 1975, katika ndege kubwa iliyokuwa ikitoka Tokyo kwenda Paris kupitia Anchorage na Kopenhagen, watu karibu 200 kati ya abiria zaidi ya 340 waliugua baada ya kiamsha kinywa cha mayai ya kukaanga na nyama ya paja. Mpishi mmoja alikuwa na malengelenge yenye usaha vidoleni. Chakula hicho kilikaa saa kadhaa bila baridi, kisha kikalazwa katika chumba kisichokuwa baridi vya kutosha. Kupashwa moto ndani ya ndege hakukusaidia lolote, kwa sababu sumu haijali moto.

Sasa turudi kwenye sufuria ile na tuitendee inavyopaswa. Lengo linalotumika sana katika majiko ya taasisi ni hili: kutoka nyuzi 57 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha hadi 5 ndani ya saa 4 nyingine. Saa 2 za mwanzo ndizo zenye uzito, kwa kuwa ndizo zinazopita katika joto ambalo bakteria hulipenda mno.

Badili kwanza umbo la chakula. Lita 5 hizo zikimiminwa katika trei mbili za chuma zenye urefu wa sentimita 40 na upana wa 30, kina kinashuka hadi sentimita 2 na kidogo. Muda wa joto kutoka katikati haupungui kwa kadiri ya kina tu. Pembeni pakishikiliwa katika baridi ya maji, kina kikipungua nusu, muda hushuka hadi karibu robo. Hakuna friji yenye nguvu ya kushinda sufuria ndefu, lakini trei bapa hushindwa hata na beseni la maji. Tumia chuma, kwani plastiki huzuia joto lisitoke.

Kisha tumia maji kabla ya barafu. Weka kila trei ndani ya beseni pana au sinia lenye maji ya bomba, yafike nusu ya ukuta wa trei, na ukoroge kastadi kwa kijiko safi kila baada ya dakika chache. Badilisha maji yanapopata uvuguvugu. Maji ya Dar es Salaam, ingawa si baridi, yataishusha kastadi kutoka 80 hadi 40 bila gharama yoyote. Hapo ndipo utie barafu kwenye maji. Hesabu yake ni nyepesi: ukianza na barafu kastadi ikiwa ya moto, utahitaji barafu ya uzito unaokaribia ule wa kastadi yenyewe. Ukianza ikiwa nyuzi 40, kilo 2 na nusu hivi zinatosha lita 5, na mifuko michache ya barafu ya dukani inafanya kazi hiyo. Barafu hiyo ibaki nje ya trei. Kuitia ndani ya chakula ni kuingiza maji usiyoyajua chanzo chake.

Kastadi ikishuka chini ya nyuzi 21, ipeleke kwenye friji. Ifunike kwa kuegesha tu, mvuke upate njia, na usipange trei moja juu ya nyingine bila nafasi ya hewa. Ikishapoa kabisa, ifunike vizuri. Wako wanaoamini kwamba chakula kisitiwe kwenye friji mpaka kiwe baridi kabisa, ili friji isiharibike. Imani hiyo ina ukweli kidogo: sufuria kubwa ya moto hupandisha joto la friji nzima, na nyama ya jirani yake ikaathirika. Jawabu lake ni beseni la maji na barafu, wala si meza ya sebuleni hadi asubuhi.

Matunda yachanganywe karibu na kupakua, nayo yawe yameoshwa na kupozwa, kwa kijiko na si kwa kiganja. Mwenye jipu, kidonda chenye usaha au kucha iliyoota usaha apewe kazi nyingine siku hiyo. Mezani, toa bakuli moja kwa wakati, nyingine zikisubiri kwenye friji. Saa 2 nje ya baridi ni kikomo, na siku ambazo joto linapita nyuzi 32, ambazo kwetu ni nyingi, saa 1. Kinachobaki kwenye bakuli lililokaa mezani hakirudi kwenye friji.

Umeme ukikatika, usifungue mlango wa friji. Friji iliyofungwa hushikilia baridi kwa takriban saa 4. Baada ya hapo, kastadi, krimu na pudini ndivyo vya kwanza kutupwa, kabla ya matunda na mboga.

Krimu zisizopikwa

Zipo tamutamu zinazotumia yai bichi kabisa: povu la chokoleti, krimu ya kahawa na jibini ya Kitaliano, ute uliopigwa na sukari wa kupambia keki, pamoja na mayonezi ya nyumbani. Hizi hazina hatua ya moto, na baridi ya friji haiui salmonela, huwalaza tu. Ndimu na pombe kidogo haziwaui kwa uhakika pia. Ziepukwe na wajawazito, watoto wadogo, wazee na wote ambao kinga yao imepungua, au mapishi yabadilishwe. Viini au ute vipigwe pamoja na sukari ndani ya bakuli lililowekwa juu ya sufuria ya maji yanayotokota, bila kuacha kupiga, hadi kipimajoto kisome 71 au zaidi, kisha viendelee kupigwa nje ya moto hadi vipoe. Povu linalotokea ni zito kuliko la yai bichi, na wapishi wazuri hulipendelea hata pasipo sababu ya afya.

Hapa nitaje pia yai bichi linalokorogwa ndani ya uji wa mgonjwa ili "kumpa nguvu". Uji ukiwa bado unachemka jikoni na yai likapikwa humo dakika kadhaa, ni chakula kizuri. Uji uliokwisha kupakuliwa na kupoa kiasi cha kunyweka una nyuzi 60 au chini, tena unashuka. Hauivishi yai lolote. Protini ya yai lililoiva humeng'enywa vizuri zaidi kuliko ya yai bichi, kwa hiyo hata hoja ya nguvu haisimami.

Kwa wanaopokea wagonjwa

Kutapika ndani ya saa 1 hadi 6 baada ya kula, kwa ghafla, pasipo homa, huelekeza kwenye sumu ya stafilokokasi au ya basilasi. Mara nyingi hali hutulia ndani ya siku moja. Dawa za kuua bakteria hazina kazi hapo, kwani kinachomsumbua mgonjwa ni sumu. Anahitaji maji na chumvichumvi. Homa na kuharisha kunakoanza baada ya saa 6 hadi siku 3, mara nyingi kati ya saa 12 na 36, huelekeza zaidi kwenye salmonela. Mtu mzima mwenye afya njema hupona kwa maji ya chumvichumvi pekee, na mtoto aongezewe zinki.

Lakini wako ambao kwao salmonela hawaishii utumboni: watoto wachanga wa chini ya miezi 3, watoto wenye utapiamlo au malaria kali, wanaoishi na Virusi vya Ukimwi wenye kinga ndogo, wazee, na wagonjwa wa selimundu. Kwa hawa bakteria huingia kwenye damu, na kwa mwenye selimundu huweza kujificha ndani ya mfupa. Mtoto wa selimundu mwenye homa wiki chache baada ya kuharisha, ambaye maumivu ya mguu au mkono wake yamekaa mahali pamoja na hayatulii kama yanavyotulia maumivu yake ya kawaida, apelekwe hospitali kuchunguzwa damu na mfupa. Asipewe dawa za maumivu tu na kurudishwa nyumbani.

Wagonjwa wakiwa wengi kutoka shughuli moja, andika kwa kila mmoja saa aliyokula na saa aliyoanza kuugua, na uliza ni vyakula gani hakula. Mwambie mwenye nyumba asimwage mabaki: ayafunike, ayaweke kwenye friji pasipo kuyagandisha, ayatenge na vyakula vingine, na amwite afisa afya wa kata. Kijiko kimoja cha kastadi iliyobaki, kikifika maabara kikiwa baridi, hueleza mengi kuliko maelezo ya wageni 50.